Kila Tabaka na Kazi Yake: Jinsi Ukurasa wa Tovuti Unavyosafiri

Itifaki ni makubaliano ya namna ya kuzungumza: nani aanze, ujumbe uandikwe kwa mpangilio gani, mpokeaji ajibu nini, na kifanyike nini jibu lisipokuja. Kompyuta mbili zinapowasiliana hazifuati itifaki moja kubwa inayotawala kila kitu, kuanzia umeme unaopita ndani ya waya hadi herufi zinazoonekana kwenye kioo. Zinafuata itifaki nyingi ndogo, zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kila moja hupokea mzigo kutoka kwa iliyo juu yake, huufanyia kazi yake moja, kisha huukabidhi kwa iliyo chini yake bila kuuliza kilichomo ndani. Mpangilio huo ndio unaoitwa mfumo wa matabaka. Mwanafunzi akishajua jambo fulani la mtandao ni la tabaka lipi, iwe ni anwani au hitilafu, nusu ya ugumu wake huwa imeondoka.

Idadi ya matabaka huwachanganya wengi bila sababu. Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, lilichapisha mwaka 1984 mfumo wa OSI wenye matabaka saba. Waraka wa RFC 1122 wa Oktoba 1989, unaoeleza masharti ya kompyuta zinazotumia intaneti, unataja manne. Vitabu vingi vya kufundishia hutumia matano: la programu juu kabisa, chini yake la usafirishaji, kisha la mtandao, kisha la kiungo, na mwisho la vifaa, yaani waya, mawimbi ya redio au mwanga. Hesabu hizi hazipingani. Zinatofautiana tu katika mahali pa kukata, kwa sababu matabaka matatu ya juu ya OSI kwa kawaida hufanywa na programu moja, na wengine huona waya na kiungo kuwa jambo moja. Hapa yanafuatwa matano, ingawa lugha ya kazini bado inakumbuka OSI: fundi akisema tatizo liko "tabaka la tatu" anamaanisha anwani za IP, na akisema "la saba" anamaanisha programu yenyewe.

Marobota manne ya sare

Chukulia kiwanda kidogo cha ushonaji kilichopo Tanga kinachotakiwa kupeleka sare 40 za shule kwenye duka moja la Songea. Mzigo hautapanda basi moja hadi mwisho. Utabadilisha basi Morogoro, na tena Njombe.

Mwenye kiwanda na mwenye duka ndio wenye shughuli. Wamekubaliana saizi, rangi na bei, na karatasi yenye maelezo hayo imewekwa ndani ya mzigo. Hakuna mwingine anayeisoma. Hilo ni tabaka la programu.

Msaidizi wa kiwandani anafunga sare hizo katika marobota manne ya sare kumi kumi na kuyapa namba, 1 hadi 4. Songea yuko msaidizi mwenzake anayehesabu yanayoingia. Akipokea la 1, la 2 na la 4, anapiga simu kusema kwamba la 3 halijaonekana, na la Tanga linatumwa jingine. Wasaidizi hawa wawili hawajui basi gani lilipita wapi. Wanachojua ni namba. Hilo ni tabaka la usafirishaji.

Kila robota linabandikwa lebo: limetoka kiwanda fulani, Tanga, linakwenda duka fulani, Songea. Lebo hiyo haibadiliki njia nzima. Katika kila stendi kuna karani anayeisoma, anaangalia robota linaelekea wapi, na kuamua lipakiwe kwenye basi gani. Hilo ni tabaka la mtandao.

Karani wa Tanga akishaamua, anaandika hati ya mzigo ya basi lile: limepakiwa Tanga, lishushwe Morogoro. Hati haitaji Songea, wala haina haja ya kuitaja, kwa kuwa basi lile halifiki huko. Morogoro hati hiyo inachanwa na kuandikwa nyingine: Morogoro hadi Njombe. Hilo ni tabaka la kiungo. Na barabara yenyewe, iwe ya lami au ya vumbi, ni tabaka la vifaa.

Jambo la kushika katika mfano huu ni tofauti kati ya lebo na hati. Lebo inasema mwisho wa safari, na inaishi safari nzima. Hati inasema mwisho wa hatua moja tu, na inakufa hatua hiyo inapokwisha. Wanafunzi wengi hukariri majina ya matabaka yote matano na bado hushindwa kueleza kwa nini kompyuta inahitaji anwani mbili, ya IP na ya MAC. Jibu liko hapo.

Ombi moja linavyofungwa

Kompyuta iliyoko ofisini ina anwani ya IP 192.168.1.23. Ruta ya ofisi ni 192.168.1.1. Mtumiaji anafungua ukurasa ulioko kwenye seva yenye anwani 203.0.113.80. Ili hesabu ifuatike, ukurasa huu unatumia HTTP ya wazi, isiyo na usimbaji.

Kivinjari kinaandika ombi lake. Mistari yake ya kwanza husomeka hivi:

```
GET /habari HTTP/1.1
Host: example.com
```

Pamoja na mistari mingine ya maelezo, ombi zima lina baiti 400. Kivinjari kinalikabidhi kwa TCP, itifaki ya tabaka la usafirishaji. TCP inaongeza mbele yake kichwa cha baiti 20 chenye namba ya poti ya mtumaji, namba ya poti ya mpokeaji, ambayo kwa HTTP ni 80, na namba inayoonyesha baiti hizi ziko wapi katika mfululizo wa mazungumzo. Poti ndiyo inayoiambia seva mzigo huu ni wa programu ipi, maana kompyuta moja inaweza kuwa inaendesha barua pepe, tovuti na hifadhidata kwa wakati mmoja. Sasa ni baiti 420.

IP inazipokea na kuongeza kichwa chake, nacho cha baiti 20 kisipokuwa na nyongeza. Humo mna anwani ya IP ya mtumaji, anwani ya IP ya mpokeaji, na namba iitwayo TTL, ambayo mara nyingi huanza na 64 au 128. Kila ruta inayopitiwa huipunguza kwa moja, na ikifika sifuri pakiti hutupwa. Bila hiyo, pakiti iliyoingia kwenye njia ya mzunguko ingezunguka bila kikomo. Baiti sasa ni 440, na kitu hiki kinaitwa pakiti.

Mwisho ni Ethernet, tabaka la kiungo. Inaongeza baiti 14 mbele, zenye anwani mbili za MAC na alama ya aina ya mzigo, na baiti 4 nyuma, ambazo ni namba ya kukagua kama kuna kilichoharibika njiani. Fremu nzima ina baiti 458. Hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa umeme na kuingia kwenye waya.

Baiti 458 zimebeba ombi la baiti 400, na hakuna tabaka lililolisoma ombi hilo. TCP haijui kama imebeba ukurasa au wimbo. IP haijui kama ndani yake kuna TCP iliyo salama au iliyochakaa. Inajua tu, kwa namba 6 iliyoandikwa kwenye kichwa chake, kwamba mzigo ukifika ukabidhiwe TCP. Upande wa seva kazi inakwenda kinyume: Ethernet inakagua fremu na kuondoa kichwa chake, IP inaondoa chake, TCP inaondoa chake, na programu ya seva inapokea baiti 400 zilezile zilizoandikwa na kivinjari.

Siku hizi tovuti nyingi hutumia HTTPS. Kati ya HTTP na TCP huingizwa itifaki ya TLS, ambayo husimba ombi kabla halijakabidhiwa TCP, na poti huwa 443 badala ya 80. Inavyofaa kuangaliwa ni kwamba TCP, IP na Ethernet hazikuhitaji kubadilishwa hata kidogo ili usimbaji uingie.

Nani anaandikiwa hati

Kabla ya kuituma fremu, kompyuta ina swali la kujibu: anwani ya MAC ya mpokeaji iandikwe ya nani? Jibu la haraka ni la seva, nalo ni kosa. Seva haiko kwenye mtandao wa ofisi, na anwani ya MAC haina maana nje ya kiungo chake.

Kompyuta inalinganisha anwani ya seva na yake kwa kutumia barakoa ya mtandao, kwa mfano 255.255.255.0, ambayo husema kwamba tarakimu za makundi matatu ya kwanza zikifanana, mwenye anwani ni jirani. 203.0.113 haifanani na 192.168.1. Kwa hiyo pakiti ipelekwe kwa ruta. Kompyuta inaijua ruta kwa anwani ya IP tu, hivyo inatumia itifaki ya ARP kuuliza kiungo kizima: nani mwenye 192.168.1.1? Ruta inajibu kwa anwani yake ya MAC, yenye biti 48, na jibu linahifadhiwa kwa muda ili swali lisirudiwe kwa kila pakiti.

Fremu inatoka ikiwa na MAC ya ruta lakini IP ya seva: hati inasema Morogoro, lebo inasema Songea. Ruta inaivua fremu na kuitupa, inasoma anwani ya IP, inapunguza TTL, inatafuta kwenye jedwali lake la njia, kisha inaifunga pakiti ileile katika fremu mpya inayofaa kiungo kinachofuata. Kiungo hicho kinaweza kuwa mkongo, redio ya mnara wa simu au kitu kingine ambacho si Ethernet kabisa. Pakiti haijali.

Kuna ukweli mmoja unaovuruga picha hii safi, na mwanafunzi aelezwe mapema. Anwani zinazoanza na 192.168 ni za matumizi ya ndani na hazipitishwi kwenye intaneti ya wazi. Ndiyo maana ruta ya ofisi hufanya NAT: inafuta anwani ya mtumaji, inaandika ya kwake ya nje, na kukumbuka kwa namba ya poti kwamba jibu likirudi lipelekwe 192.168.1.23. Ni kama karani wa stendi kufuta jina la kiwanda kwenye lebo na kuandika la ofisi yake. Zaidi ya hapo, ili kazi hiyo ifanyike ruta inalazimika kugusa namba za poti, ambazo ni mali ya tabaka la usafirishaji. NAT iliingia miaka ya 1990 kwa sababu anwani za IP za toleo la nne, zenye biti 32, hazikutosha. Inafanya kazi, lakini inavunja kanuni kwamba ruta isome tabaka lake tu. Ndiyo sababu pia mtu hawezi kuweka seva nyumbani na kutegemea kwamba watu wa nje wataifikia bila maelekezo ya ziada kwenye ruta.

Robota likipotea

Seva inajibu kwa ukurasa wa baiti 30,000. Fremu ya kawaida ya Ethernet haibebi pakiti inayozidi baiti 1,500. Ukitoa baiti 20 za kichwa cha IP na 20 za TCP, zinabaki 1,460 za mzigo wenyewe. TCP ya seva inaukata ukurasa katika vipande 21: ishirini vya baiti 1,460, na cha mwisho cha baiti 800. Kila kipande kinabeba baiti 58 za vichwa na mkia, jumla 1,218, yaani kama asilimia 4 ya mzigo. Hiyo ndiyo gharama ya matabaka, na ni ndogo.

Namba za TCP huhesabu baiti, hazihesabu vipande. Mfululizo ukianza na 1, kipande cha kwanza kina baiti 1 hadi 1,460, na cha saba kinaanzia baiti 8,761. Tuseme cha saba kimetupwa na ruta iliyozidiwa na mzigo. Ruta haimwambii mtu. IP haikuahidi kufikisha. Iliahidi kujaribu tu. Kipande cha nane kinafika, na TCP ya mpokeaji inajibu: ninasubiri baiti 8,761. Cha tisa kinafika, jibu ni lilelile. Cha kumi, lilelile. Seva ikipata jibu hilo likirudiwa mara tatu baada ya lile la kwanza, inaelewa kwamba kuna pengo na inatuma upya kipande cha saba bila kusubiri saa yake ya kungoja iishe. Vipande vilivyotangulia havirudiwi, na mpokeaji anaviweka vilivyofika hadi pengo lizibwe.

Kivinjari hakikujua chochote. Kilipokea baiti 30,000 kwa mpangilio, labda kwa kuchelewa kidogo. Usalama huo haukuwekwa kwenye ruta bali kwenye kompyuta mbili za mwisho, na huo ulikuwa uamuzi wa makusudi. Vinton Cerf na Robert Kahn walipochapisha pendekezo lao mwaka 1974, TCP ilikuwa itifaki moja yenye kazi zote. Mwaka 1978 ikagawanywa: IP ibaki na kazi ya kupeleka pakiti, TCP ibaki na kazi ya kuhakikisha. Sababu mojawapo ilikuwa sauti. Mazungumzo ya simu hayafaidiki na kipande kinachorudiwa baada ya kuchelewa. Ni heri kikosekane. Programu za namna hiyo zilipewa UDP, itifaki nyepesi ya mwaka 1980 yenye kichwa cha baiti 8, isiyohesabu wala kurudia. Tarehe 1 Januari 1983 mtandao wa ARPANET ulihamia TCP/IP, na mgawanyo huo ndio unaotumika hadi leo.

Mwaka barabara ilipobadilishwa

Hadi mwaka 2009 pwani ya Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti kuifikia intaneti ya nje. Julai mwaka huo mkongo wa baharini wa SEACOM ulizinduliwa, ukiziunganisha Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Mkongo wa TEAMS ulifika Mombasa mwaka uleule, na EASSy ukafuata mwaka 2010. Tabaka la chini kabisa liling'olewa na kuwekwa jingine: kutoka mawimbi ya redio kwenda angani hadi mwanga ndani ya uzi wa kioo chini ya bahari. Hakuna mtumiaji wa Dar es Salaam au Mombasa aliyelazimika kubadilisha kivinjari, anwani ya barua pepe wala kompyuta. Sijui kama kuna ushahidi ulio wazi zaidi kwamba matabaka hufanya kazi iliyokusudiwa.

Lakini mabadiliko yaleyale yanaonyesha pia kikomo cha mfumo. Setilaiti za namna ile hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka: kilomita 143,000 hivi, ambazo mawimbi huzimaliza kwa karibu nusu sekunde hata vifaa vyote vikiwa vya kasi kabisa. Kwenye mkongo, mwanga huenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 10,000 za uzi, kwenda na kurudi, ni sehemu moja ya kumi ya sekunde.

TCP huhisi tofauti hiyo, ingawa kinadharia haipaswi kujua kilicho chini yake. Kwanza, mazungumzo ya TCP huanza kwa kusalimiana, na salamu hizo hula safari moja nzima ya kwenda na kurudi kabla ombi halijatoka. Pili, mtumaji haruhusiwi kuwa na baiti nyingi njiani zisizothibitishwa kupita kiasi kilichotajwa na mpokeaji, kiitwacho dirisha. Katika muundo wa awali dirisha liliandikwa kwa biti 16, kwa hiyo ukomo wake ni baiti 65,535. Anayetuma baiti 65,535 kisha akangoja nusu sekunde kuthibitishiwa hawezi kuzidi baiti 131,070 kwa sekunde, sawa na megabiti 1 hivi. Kampuni inaweza kulipia kiungo cha setilaiti cha megabiti 10 na kila upakuaji mmoja ukabaki kwenye megabiti 1, huku fundi akikagua dishi lisilo na kosa lolote. Waraka wa RFC 1323 wa mwaka 1992 uliongeza namna ya kulikuza dirisha, lakini unafuu huo hupatikana tu pale kompyuta zote mbili zinapoutumia.

Kupanda ngazi kutafuta kosa

Mtu anayesema "mtandao haufanyi kazi" hajasema kitu ambacho fundi anaweza kukirekebisha. Matabaka humpa fundi mpangilio wa kuuliza, na njia iliyozoeleka ni kuanzia chini.

Taa ya poti kwenye swichi ikiwa imezima, tatizo ni waya, plagi au umeme, na hakuna sababu ya kugusa mipangilio. Taa ikiwaka, iangaliwe anwani ya IP ya kompyuta. Ikianza na 169.254, kompyuta imejipa anwani yenyewe kwa kuwa haikupata jibu kutoka kwa huduma ya kugawa anwani, DHCP. Ikiwa na anwani ya kawaida, amri hizi tatu zinafuata, kwa mpangilio huu:

```
ping 192.168.1.1
ping 8.8.8.8
nslookup example.com
```

Ya kwanza ikishindwa, kosa liko ndani ya ofisi. Ya kwanza ikijibu na ya pili isijibu, kosa liko kwenye ruta au kwa mtoa huduma. Mbili zikijibu na ya tatu ikashindwa, njia ni nzima ila huduma ya majina, DNS, haifanyi kazi. Hapo kivinjari kitaonekana kimekufa huku programu inayotumia namba za IP moja kwa moja ikiendelea vizuri. Tahadhari moja: seva nyingi zimewekwa zisijibu `ping`, hivyo kimya cha seva moja hakithibitishi kwamba haipo.

Zote tatu zikijibu na ukurasa bado haufunguki, swali limefika tabaka la usafirishaji, na hapo maneno ya kosa yasomwe kwa makini. "Connection refused" maana yake pakiti zilifika, na kompyuta ya upande wa pili ikajibu kwamba hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo. Mara nyingi huduma imezimwa. "Connection timed out" maana yake hakuna aliyejibu kabisa; pakiti zimepotea au zimezuiwa kimyakimya na kizuizi cha usalama. Makosa hayo mawili hutibiwa na watu tofauti, na kuyachanganya hupoteza siku nzima. Ukurasa ukionyesha 404, matabaka yote ya chini ni mazima, kwa sababu namba hiyo imeandikwa na programu ya seva yenyewe na imesafiri kupitia yote hadi kufika kwenye kioo.

Lipo kosa moja linalowashinda hata wazoefu, kwa kuwa kila jaribio la hapo juu hulipita. Ofisi imeunganishwa kwa huduma inayotumia PPPoE, itifaki inayokula baiti 8 za kila fremu, hivyo pakiti kubwa inayoweza kupita ni ya baiti 1,492 badala ya 1,500. Seva ya mbali haijui hilo. Inatuma pakiti za 1,500 zenye alama ya kukataza kukatwa. Ruta iliyo kabla ya kiungo chembamba inashindwa kuzipitisha na inarudisha ujumbe wa ICMP: punguza ukubwa. Lakini msimamizi wa seva, kwa nia njema ya usalama, amezuia ICMP yote. Ujumbe haufiki. Seva inarudia pakiti zilezile kubwa, zinatupwa tena, na kadhalika.

Dalili zake ni za pekee. `ping` inajibu, majina yanatafutika, salamu za TCP zinapita, ombi dogo la baiti 458 linafika, kisha ukurasa unakaa ukizunguka bila kufunguka. Tovuti nyingine ziko sawa. Barua fupi zinapita na zenye kiambatisho zinakwama. Kipimo ni kutuma pakiti za ukubwa unaojulikana huku ukikataza zikatwe, kwenye Linux hivi:

```
ping -M do -s 1472 203.0.113.80
ping -M do -s 1464 203.0.113.80
```

Baiti 1,472 za mzigo, pamoja na 8 za ICMP na 20 za IP, ni 1,500 kamili. 1,464 zinatoa 1,492. Ya kwanza ikigoma na ya pili ikapita, ukubwa wa njia umejulikana. Kwa kuwa seva ya mbali haiko mikononi mwa fundi, dawa huwekwa kwenye ruta ya ofisi: inaagizwa irekebishe salamu za TCP zinapopita, ili kila upande uelewe kwamba kipande kisizidi baiti 1,452, yaani 1,492 ukitoa vichwa viwili vya baiti 20. Ruta inasoma tena tabaka lisilo lake, na ukurasa unafunguka.